Barua ya wimbo mpya kwa wanakwaya: namna ya kuiandika, hatua kwa hatua

Miaka michache iliyopita kwaya yetu ilijifunza wimbo uliotoka katika Zaburi ya 126. Tulikuwa tumeshaufanyia mazoezi wiki tatu, sauti zimekaa, kinanda kimeshika, ndipo dada mmoja wa sauti ya pili akaninyooshea mkono: "Mwalimu, hivi vijito vya Kusini ni vya Mtwara au vya Lindi?" Nilitazama nyuso za wenzake nikaona kwamba wengi walikuwa na swali hilohilo. Wiki tatu walikuwa wanaimba mstari ambao hawakujua unasema nini, na kosa lilikuwa langu, kwa sababu niliwapa nota nikawanyima maana.

Tangu siku hiyo kila wimbo mpya huutanguliza kwa barua. Si tangazo la dakika mbili baada ya ibada, wakati watu wanatafuta watoto wao. Ni barua ya kurasa mbili, mtu anaondoka nayo, anaisoma nyumbani, na anakuja zoezi la kwanza akiwa ameshakutana na wimbo. Hapa naeleza ninavyoiandika, na nitautumia wimbo uleule wa Zaburi ya 126, ambao mwaka huu nimeutungia nota upya kwa ajili ya Jumapili ya Mavuno. Sisi ni kwaya ya usharika mmoja wa Kilutheri hapa Dodoma, watu 34: kumi na watatu sauti ya kwanza, tisa ya pili, watano ya tatu, saba ya nne. Wanaosoma tonik solfa vizuri hawafiki kumi. Wengine wote hushika kwa sikio, na barua yangu inawalenga hao zaidi.

Kwanza, kaa na wimbo peke yako

Usishike kalamu kabla hujausoma wimbo kwa sauti, bila kuuimba, angalau mara tano. Soma maneno kama mtu anayesoma barua ya ndugu yake. Pale ulimi unapokwama, weka alama. Pale ambapo wewe mwenyewe huwezi kumweleza mtoto wa Sunday Skuli mstari unasema nini, weka alama nyingine. Katika Zaburi ya 126 mimi nilipata alama nne: "Kusini", "miganda", "azichukuapo", na swali lililonisumbua kuliko yote: kwa nini mtu anayepanda mbegu alie?

Hizo alama ndizo barua yako. Usieleze kila mstari. Mwanakwaya hahitaji kuambiwa furaha ni nini.

Mwanzo wa barua: wimbo gani, wa siku gani, kwa nini sasa

Sehemu hii iwe fupi. Mimi huanza hivi:

*Wapendwa wanakwaya, Bwana Yesu asifiwe. Jumapili ya Mavuno tutaimba wimbo mpya uitwao "Wapandao kwa machozi". Maneno yake ni Zaburi ya 126, nota nimetunga mimi. Kutoka Jumatano hii tuna wiki saba. Nimeuchagua kwa sababu siku hiyo watu wataleta madhabahuni debe za mtama na uwele wa shambani kwao, na wengi wao mwezi wa pili mlikuwa mnajua hali ya nyumba zao. Wimbo huu unawazungumzia wao.*

Inatosha. Mtu ameshajua jina, chanzo, siku na sababu. Ona kwamba sababu inataja watu watakaosikiliza. Kwaya inayojua inamwimbia nani huimba tofauti na kwaya inayojiimbia yenyewe, na utalisikia hilo katika zoezi la pili.

Maana: hapa ndipo pa kukaa

Theluthi nzima ya barua yangu iko hapa, na sioni shida. Naanza na swali lenyewe, halafu nalijibu kwa mambo wanayoyajua kwa macho.

*Mtu anapanda huku analia. Kwa nini? Fikirieni nyumba ya mkulima wa hapa kwetu mwezi wa kumi na mbili. Mvua za kwanza zimeanguka. Ghala limebaki vumbi. Lakini juu ya meko kuna mashuke ya mtama yaliyotundikwa tangu mavuno yaliyopita, moshi uyakinge na fukusi. Hiyo ndiyo mbegu. Watoto wanaiona kila jioni wakati wanakula uji mwepesi. Asubuhi moja baba au mama anayashusha, anayapura, anaweka mbegu kwenye kibuyu, na anapita nayo mbele ya watoto wenye njaa kwenda kuifukia ardhini. Anachukua chakula na kukizika. Mvua ikikata, amekipoteza mara mbili. Huyo ndiye "anakwenda zake akilia, azichukuapo mbegu za kupanda". Waulizeni wazee waliorithi hadithi za Mtunya, njaa ile ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya vita kuchukua nafaka na ng'ombe wa Ugogo. Watawaambia maana ya kubakiza mbegu.*

Nilipoisoma aya hii mbele ya kwaya, mzee mmoja wa sauti ya nne aliinamisha kichwa na hakukiinua hadi nilipomaliza. Tulipokuja kuuimba mstari ule, besi yake ilikuwa kama ambavyo haijawahi kuwa, na sikumfundisha chochote cha sauti.

Kisha nahamia Kusini.

*"Uwarejeze watu wetu waliofungwa, kama vijito vya Kusini." Kusini hapa ni Negebu, nchi kavu iliyo kusini mwa Yuda. Vijito vyake ni kama makorongo yetu: mwaka mzima ni mchanga mtupu, ng'ombe wanapita, watoto wanacheza. Mvua ikinyesha milimani, maji yanakuja kwa kishindo na korongo linajaa kwa saa moja. Mwimbaji anamwomba Mungu awarudishe watu kwa namna hiyo, ghafla na kwa wingi. Wana wa Israeli walikuwa wamechukuliwa utumwani Babeli, na mwaka 538 kabla ya Kristo mfalme Koreshi akawaruhusu kurudi. Ndiyo maana zaburi inaanza kwa watu "waotao ndoto": walikuwa hawaamini walichokiona.*

Tazama kwamba sikueleza historia kwanza. Ningeanza na Koreshi ningekuwa nimewapoteza nusu ya watu wangu kwenye mstari wa pili. Nimeanza na korongo, kwa sababu korongo wanalivuka wakija mazoezini.

Kuna jambo jingine ambalo Kiswahili chetu kinatupa bure, nami huliweka mwisho wa sehemu hii. Zaburi ya 120 mpaka ya 134, kumi na tano zote, huitwa nyimbo za kupanda, kwa maana ya kukwea: waliokwenda Yerusalemu kwa sikukuu walikuwa wanaupanda mlima. Na ndani ya hii ya 126 kuna wapandao mbegu. Kwa Kiebrania hayo ni maneno mawili yasiyohusiana. Kwa Kiswahili ni neno moja, na nimelitumia katika kutunga: sauti inapanda pale mkulima anapopanda. Ukiwaambia wanakwaya hili kabla hawajasikia nota, watalisubiri na kulifurahia likifika.

Onyesha nota mahali pamoja tu

Usijaze barua nota za wimbo mzima. Karatasi ya nota itakuja yenyewe. Chagua mstari mmoja unaobeba wimbo, uandike na uueleze. Wangu ni huu, do ikiwa F:

```
Wa - pa - nda - o   kwa   ma - cho - zi
s,   d    m     r   d     r    d     l,
```

Chini yake naandika: *Mstari huu tunauimba wote kwa sauti moja, wanaume kwa wanawake. Unaanza so ya chini, unapanda hadi mi kwenye "nda", halafu unashuka mpaka la ya chini kwenye "zi". Ni kama mtu anayenyoosha mgongo kisha anainama tena. Sauti ya kwanza, la hiyo iko chini sana kwenu: msiisukume, waacheni sauti ya pili waibebe. Kwenye "watavuna" ndipo tunagawanyika sauti nne. Tunalia kwa sauti moja, tunavuna kwa sauti nne. "Furaha" ya mwisho, sauti ya kwanza wako do ya juu, ya pili mi, ya tatu so, ya nne do. Ile mi ya sauti ya pili ndiyo inayofanya muungano wa sauti usikike wa furaha. Ikishuka kidogo tu, mwisho wote unakuwa na wingu.*

Kila sauti hapa imepata sababu ya kuwepo. Sauti ya pili hasa, ambao mara nyingi wanakaa kwenye nota mbili tatu na kuhisi wanajaza nafasi, watakwenda nyumbani wakijua mwisho wa wimbo umo mikononi mwao.

Mwalimu anayetunga mwenyewe aangalie pia mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho: wapa-NDA-o, ma-CHO-zi, wata-VU-na, fu-RA-ha. Nota ndefu au ya juu ikiangukia silabi nyingine, msikilizaji anapata shida kulitambua neno hata kama kila mtu ameimba sawasawa. Ukiona wanakwaya wanakosea palepale kila mara, kagua mkazo kabla ya kuwalaumu.

Onya mapema kuhusu matamshi

Aya moja. Andika maneno matatu au manne yatakayoharibika, na useme yataharibikaje. Kwangu ni haya.

"Watavuna": v ikilegea inakuwa f, na kanisa zima linasikia "watafuna". Waimbaji wakiwa wamechoka, v ndiyo ya kwanza kufa, kwa hiyo naandika wazi: *meno ya juu yaguse mdomo wa chini, na usikie mtetemo kabla ya u.* "Azichukuapo" na "aichukuapo": *chu-ku-a-po*, silabi nne, kila moja na nota yake. Ukiiharakisha inakuwa "chukwapo", silabi moja inapotea na kwaya inafika mwisho wa mstari mapema kuliko kinanda. "Kelele za furaha": wapo ndugu zetu ambao l na r hubadilishana kwao kutokana na lugha ya nyumbani. Simtaji mtu. Naandika tu kwamba mstari huu tutausema kwa pamoja polepole kila zoezi, wote, nikiwamo mimi.

Na "miganda". Vijana wa mjini wengi hawalijui. Ni matita ya masuke yaliyofungwa pamoja baada ya kukatwa. Neno moja, sentensi moja, basi.

Ratiba ya mazoezi: sema kila siku itafanya nini

Ratiba inayosema "Jumatano na Jumamosi, mazoezi ya wimbo mpya" haimsaidii mtu. Mwanakwaya anayefanya kazi ya zamu anataka kujua akikosa Jumatano ya wiki ya tatu amekosa kitu gani, ili amtafute mwenzake. Sisi tunakutana Jumatano saa 11:30 jioni hadi saa 1:00 usiku, na Jumamosi saa 9:00 alasiri kwa muda uleule. Katika dakika hizo 90, wimbo mpya unapata 40 tu. Zaidi ya hapo koo zinachoka na masikio yanaacha kusikia, hasa kwa wanaojifunza kwa sikio. Ratiba niliyoiandika ni hii:

*Wiki ya kwanza: Jumatano hatuimbi. Tunasoma maneno kwa mapigo, nikipiga meza, hadi yatoke mdomoni bila karatasi. Jumamosi tunashika mstari wa "Wapandao" wote pamoja.*

*Wiki ya pili na ya tatu: sauti zinajitenga. Sauti ya kwanza na ya nne wabaki kanisani, ya pili na ya tatu waende chumba cha Sunday Skuli na mwalimu msaidizi. Dakika 20, kisha tunakutana. Tunaunganisha kwanza ya kwanza na ya nne, zikikaa tunaingiza ya pili, mwisho ya tatu.*

*Wiki ya nne: beti mbili za mwanzo, yaani "waotao ndoto" na "vijito vya Kusini".*

*Wiki ya tano: hakuna karatasi mkononi. Anayehitaji kutazama, asimame nyuma na atazame, lakini mikono yote iwe huru.*

*Wiki ya sita: kinanda na ngoma, tukiwa tumesimama mahali tutakaposimama siku yenyewe.*

*Wiki ya saba: Jumatano peke yake. Tunaimba mara mbili, tunaomba, tunakwenda nyumbani.*

Mambo mawili katika ratiba hii nitayaeleza, maana ndiyo yanayoulizwa sana.

La kwanza ni mpangilio wa kuunganisha sauti. Walimu wengi huanza kuunganisha ya kwanza na ya pili, kwa sababu wamekaa jirani. Mimi nimejifunza kuanza na juu na chini. Sauti ya kwanza na besi zikisimama, wimbo una paa na msingi, na anayeingia katikati anasikia wapi pa kujishikiza. Ukiwaunganisha ya kwanza na ya pili mapema, ya pili wanavutwa, na kufikia wiki ya tatu nusu yao wanaimba sauti ya kwanza wakidhani ni yao. Dalili ni hii: waimbishe ya pili peke yao ghafla katikati ya mstari. Wakipanda kutafuta sauti ya juu, wamevutwa. Watoe nje tena.

La pili ni wiki ya nne. Kwa nini beti zinakuja baada ya kiitikio, yaani "Wapandao"? Kwa sababu kiitikio kinaimbwa mara tatu katika wimbo huu na beti mara moja moja. Kila tukimaliza ubeti tunarudi mahali ambapo mguu unajua njia, na mtu haogopi.

Kuna tatizo moja ambalo barua inapaswa kulitaja mapema ili lisiwashtue: kushuka. Wimbo wenye mstari unaoshuka, kama huu unavyofanya kwenye "machozi", huishusha kwaya nzima taratibu. Tunaanza F, tukifika mwisho tuko E, na hakuna aliyehisi. Njia ya kujua ni kumwambia mpiga kinanda anyamaze kiitikio kizima, kisha aguse do mwishoni. Katika kwaya yangu chanzo kimekuwa kilekile kila mara: mi ya "nda" inaimbwa kwa uvivu, na kila hatua ya kushuka inakuwa ndefu kuliko inavyotakiwa. Basi naandika: *tukishuka, hatua ziwe fupi, fikirini mnapanda.* Na pumzi ichukuliwe baada ya "machozi", kamwe isiwe kabla ya "kwa".

Kasi nayo naiweka kwa namba, kwa ajili ya wenye programu ya mapigo kwenye simu: mapigo 66 kwa dakika wakati wa kujifunza, 76 siku ya kuimba. Kwaya ikifurahi hukimbia, na "kelele za furaha" inawakimbiza kuliko mstari wowote. Inawafanya pia wapige kelele kweli. Sauti ya kwanza wakitoka zoezini wamekauka koo, wamepiga kelele. Wakitoka wamechoka mbavu, wameimba.

Kazi ya nyumbani na jinsi barua inavyofika

Kila sauti inatumiwa rekodi yake kwenye kundi la Wasapu: sauti hiyo peke yake mara mbili, kisha mara moja ikiwa na kinanda. Zipe majina yanayosomeka, kwa mfano "Wapandao sauti ya 3", kwa sababu rekodi isiyo na jina hupotea kati ya salamu za asubuhi. Barua yenyewe naichapa na kuigawa kwa mkono. Wapo wanne wasio na simu janja, na sitaki wajue habari za kwaya yao kwa kusimuliwa.

Barua ikishagawiwa, naisoma kwa sauti Jumatano ya kwanza, sehemu ya maana peke yake. Kisha nanyamaza na kuuliza: nani kwao wamewahi kubakiza mbegu? Mwaka huu mama mmoja wa sauti ya pili alisimama. Alisema marehemu mama yake aliweka mbegu za uwele kwenye kitambaa chini ya mto wake wa kulalia, watoto wasizione, na kwamba yeye alijua tangu mwanzo zilipo na hakuzigusa. Akakaa. Tulisoma maneno kwa mapigo, nikipiga meza, na tulipofika "azichukuapo mbegu za kupanda" hakuna aliyeharakisha silabi hata moja.